Nne au nane: ukurasa mmoja kutoka simu ya dakika 14

Dakika ya tisa ya rekodi, mnunuzi anasema, "Basi mama, tufunge na thelathini na..." halafu upepo unapiga simu ya mkulima na silabi ya mwisho inamezwa. Ukisikiliza mara ya kwanza ni "nne". Ukirudisha nyuma na kuongeza sauti, ni "nane". Mkulima anajibu, "Haya, lakini ukuje na mizani," na kutoka hapo wanahamia kwenye habari ya lori.

Mkulima yuko Njabini, Kinangop Kusini, na shamba lake ni la viazi, waru aina ya Shangi. Mnunuzi yuko Nairobi na wateja wake ni wenye vibanda vya chipsi. Wote wawili walijua wanarekodiwa, na wote wawili walitaka kitu kimoja baadaye: ukurasa mmoja unaosema wamekubaliana nini kuhusu bei, kiasi, ubora na siku ya mzigo.

Ukurasa huo niliuandika mimi. Wiki kadhaa sasa simu ile haijanitoka kichwani, na si kwa sababu ya ile silabi. Silabi ilipatikana.

Kinachonisumbua ni kwamba ukurasa ule ungeweza kuandikwa vizuri kabisa, hesabu zake zikiwa sawa, na bado ukawagombanisha watu wawili walioagana kwa heshima.

## Silabi iliyomezwa

Kwenye simu yenye kelele, nne na nane ni ndugu wabaya. Mtu akisikiliza mara kumi atasikia kile anachotaka kusikia, na hapo swali si la masikio tena. Njia ya kutoka ni kutafuta mahali pengine kwenye rekodi ambapo namba ileile ilifanyishwa kazi.

Dakika ya 11 mnunuzi anapiga hesabu kwa sauti: "Kwa hivyo hiyo ni kama laki moja na elfu mbili."

Gawanya 102,000 kwa 34, unapata 3,000 kamili. Gawanya kwa 38, unapata 2,684 na vipande. Hakuna mfanyabiashara anayebeba kilo 2,684 kichwani akiwa kwenye simu. Bei aliyoitaja ni shilingi 34 kwa kilo, na muhtasari unaweza kuiandika kwa tarakimu na kwa maneno, ukiongeza kwamba imethibitishwa na jumla iliyotajwa dakika ya 11. Maelezo hayo mafupi yana kazi. Anayebisha anajua aende kusikiliza wapi.

Ningeishia hapo kama hesabu hiyohiyo isingefungua shimo kubwa zaidi.

## Gunia mbili kwenye simu moja

Kiasi kilichotajwa ni gunia 60. Kilitajwa mara tatu na hakuna aliyekipinga. Na kwa kuwa jumla ya mnunuzi inatoa kilo 3,000, gunia lake ni la kilo 50. Ndilo gunia la sheria pia: Kanuni za viazi za mwaka 2019 zilikataza kufungasha zaidi ya kilo 50. Mwandishi wa muhtasari anashawishika kuandika "gunia 60 × kilo 50 = kilo 3,000" na kuendelea na kazi yake.

Sasa rudi dakika ya tatu.

Mkulima alianza kwa kusema gunia ni shilingi elfu tatu. Mnunuzi akamwambia, "Mama, hebu niambie kwa kilo, mimi hununua kwa kilo." Naye bila kusita: "Thelathini na nane." Hakuomba muda wa kuhesabu. Hiyo ni bei aliyoizoea, ileile aliyoitaja kwa gunia, ila imegeuzwa kuwa ya kilo. Gawanya 3,000 kwa 38 na unapata karibu kilo 79.

Gunia lililo kichwani mwa mkulima si la kilo 50. Ni lile kubwa, lililoongezwa neti juu mpaka likafanya kichwa, ambalo madalali wanaendelea kulinunua licha ya kanuni.

Gunia 60 za kilo 79 ni kilo 4,740. Tofauti na hesabu ya mnunuzi ni kilo 1,740, ambazo kwa bei ya 34 ni shilingi 59,160. Na mnunuzi amesema atatuma lori moja la Kanta, isiyobeba zaidi ya tani tatu na nusu. Mkulima akichimba kwa hesabu yake, zaidi ya tani moja inabaki shambani, imeshatoka ardhini na haina mnunuzi. Shangi haina subira. Usingizi wake ni mfupi, macho yanaanza kuchipua ndani ya wiki chache, na ikikaa kwenye mwanga inageuka kijani. Mkulima aliyechimba kupita kiasi atauza kwa dalali wa kwanza anayepita, kwa bei ya dalali.

Mtu atauliza: kama gunia lake ni kubwa, mbona hakushtuka aliposikia laki moja na elfu mbili? Rekodi inatoa jibu lake, "Hiyo tutajua kwa mizani." Hajakubali jumla na hajaikataa. Kwa nini alijibu hivyo, muhtasari hauna kazi ya kukisia.

Wala haufai kuziba pengo kwa kutumia kanuni. Kanuni inasema viazi vifungashwe vipi. Haisemi mama wa Njabini alimaanisha nini alipotamka "gunia". Kinachoandikwa ni hiki: gunia 60 zimekubaliwa, uzito wa gunia haukutajwa, hesabu za mnunuzi zinaashiria kilo 50 na bei za mkulima zinaashiria karibu 80, kabla ya kuchimba, wakubaliane jumla ya kilo.

Ukurasa unaonekana haujakamilika. Ndivyo ulivyo, kwa sababu na makubaliano yenyewe hayajakamilika.

## Bei na sharti lake haviachanishwi

Karibu kila muhtasari wa aina hii ninaouona umegawanywa kwa vichwa: Bei, Kiasi, Ubora, Uwasilishaji. Unapendeza machoni na ndio unaokata kamba. Chini ya "Bei" inaandikwa shilingi 34. Chini ya "Ubora", mistari sita baadaye, inaandikwa viazi viwe vikubwa na visiwe vya kijani. Msomaji anaona vitu viwili. Kwenye simu vilikuwa kitu kimoja.

Mnunuzi alianza na 30. Dakika ya tano akasema, "Kama hakuna chati na hakuna ya kijani, naweza kupanda kidogo." Chati ni vile viazi vidogo. Ndipo akapanda hadi 34. Shilingi nne za juu zilinunua sharti. Kwa hiyo sentensi ya bei lazima ibebe sharti lake ndani: shilingi 34 kwa kilo, ikiwa mzigo hauna chati wala viazi vya kijani.

Swali linalofuata ndilo watu wengi hulisahau: sharti likivunjika, nini kinatokea?

Mkulima alijibu kwa ukweli, "Chati haziwezi kukosa kabisa, mwanangu." Mnunuzi akasema, "Hizo tutaangalia." Wakapita.

Tuseme mzigo ni kilo 3,000 na ndani yake kuna kilo 240 za chati, yaani asilimia 8. "Tutaangalia" inaweza kumaanisha chati zinatolewa na kurudishwa, na mkulima analipwa kilo 2,760 kwa 34, ambazo ni shilingi 93,840. Inaweza pia kumaanisha mzigo wote umepoteza sifa ya kupandishiwa bei na unarudi kwa 30, ambayo ni shilingi 90,000, chati zikiwa zimechukuliwa. Au Kanta inageuka tupu. Njia mbili za kwanza zinatofautiana kwa 3,840 na hilo linavumilika. Ya tatu inamwachia mkulima tani tatu kando ya barabara. Mwandishi akiandika tu "bila chati", amempa mnunuzi ruhusa ya njia ya tatu, na kwenye rekodi hakuna mahali ruhusa hiyo ilipotolewa.

Halafu kuna suala la chati yenyewe. Mapema kwenye simu, mkulima alisema anazitenga "zile za chini ya yai la kuku". Mnunuzi alisema anataka "za chipsi". Kiazi cha ukubwa wa yai si chati kwa mkulima, lakini anayekata chipsi hana hamu nacho, maana vijiti vinatoka vifupi na kumenya kunakula nusu ya kiazi. Vipimo vyote viwili viandikwe kama vilivyosemwa, kila kimoja na jina la aliyekisema. Usivisawazishe kwa kuandika "viazi vya ukubwa wa kutosha", maneno ambayo hayamfungi yeyote.

Kuhusu kijani, mnunuzi alisema hataki hata kimoja. Mkulima hakujibu, alianza kuzungumzia mvua. Kimya chake kinaandikwa kama kimya: "Mnunuzi alisema hataki hata kimoja. Mkulima hakujibu."

## Jumamosi ipi

Simu ilipigwa Jumatano. Mzigo ni wa "Jumamosi ijayo". Kuna watu ambao Jumamosi hiyo kwao ni ya siku tatu baadaye, na wengine ambao ni ya wiki inayofuata, na wote wawili huapa kwamba wako sawa.

Hapa pia rekodi ina ushahidi ndani yake, ukijua kilimo. Mkulima alisema majani ameyakata "juzi", yaani Jumatatu. Majani ya viazi hukatwa karibu wiki mbili kabla ya kuchimba ili ganda likomae. Kiazi kikichimbwa mapema, ganda linachubuka gunia linapotupwa kwenye lori, na kiazi kilichochubuka kinapoteza maji na kuoza upesi. Mnunuzi naye alisisitiza "ganda lisitoke kwa kidole", jaribio la kusugua kwa gumba ambalo kila mtu katika soko la Marikiti, Nairobi, analijua. Jumamosi ya karibu ni siku 5 tangu majani yakatwe. Ile nyingine ni siku 12. Ya pili ndiyo inayolingana na sharti la ganda.

Je, niandike tarehe ya Jumamosi ya pili? Hapana. Dalili ni dalili. Naandika tarehe zote mbili, naeleza kwa nini moja inaelekea zaidi, na kuacha nafasi ya kujibu. Muhtasari unaogeuza dalili kuwa tarehe unatuma Kanta Kinangop siku ambayo hakuna aliyechimba.

Saa ni jambo dogo ila linauma. Mnunuzi alisema Kanta itakuwa pale saa kumi na moja asubuhi. Andika saa 11 alfajiri, na kando yake 05:00, kwa sababu dereva atausoma ukurasa kwenye simu ya Kizungu.

## "Mizani iko"

Turudi kwenye "Haya, lakini ukuje na mizani." Hili ndilo jibu nililolirudia mara nyingi kuliko yote.

Haya yake inakubali bei. Lakini yake inaongeza sharti jipya, na sharti jipya linahitaji jibu kutoka upande wa pili. Jibu la mnunuzi lilikuwa, "Mizani iko." Wapi? Dakika ya 12 anasema, "Nikishapima huku nakutumia pesa." Huku ni Nairobi.

Kwa hiyo mkulima ameweka simu chini akijua mzigo utapimwa shambani, mbele ya macho yake. Mnunuzi ameweka simu chini akijua utapimwa ghalani kwake. Kila mmoja ana sentensi ya kumtetea, na zote zimo kwenye rekodi.

Tofauti ina uzito. Viazi vilivyochimbwa baada ya mvua vinapanda lori na udongo, na udongo unakauka na kupukutika kwenye barabara ya kutoka Njabini hadi Flyover na kushuka Limuru. Viazi vyenyewe vinapoteza maji kidogo. Gunia linaweza kukosa kilo moja au mbili bila mtu yeyote kuiba. Kwa gunia 60, kilo moja tu kwa kila gunia ni shilingi 2,040. Mkulima ataona ameibiwa. Mnunuzi ataona alikuwa ananunua matope. Na malipo yamefungwa kwenye kupima, maana M-Pesa inatumwa baada ya mizani. Asiyejua mzigo unapimwa wapi hajui pia analipwa lini, wala ni nani anabeba hasara lori likikwama njiani.

Ndiyo maana sihesabu "haya" au "sawa" kama makubaliano mpaka nione kinachofuata. Mtu akirudia namba kwa mdomo wake, au akianza kutenda juu yake, kwa mfano akitaja vijana watakaopakia au akisoma namba ya kulipwa, hapo amekubali. Kwenye simu hii gunia 60 zinapita kipimo hicho: mkulima aliirudia namba na kusema ataita wachimbaji wanne. Bei inapita, maana baada ya haya yake mkulima aliendelea kupanga mizani na lori. Mahali pa kupimia hapapiti.

Kuna pia mambo ambayo hayakuguswa kabisa: nani analeta magunia matupu, nani analipa wapakiaji, nani analipa sesi ya kaunti njiani. Yanakwenda kwenye mstari mmoja mwishoni, "hayakuzungumzwa". Usijaze desturi ya soko. Desturi za Njabini na za Marikiti si moja.

## Ukurasa ulivyotoka

Kazi yenyewe niliifanya kwa mpangilio huu. Kusikiliza mwanzo hadi mwisho bila kuandika, ili kujua mazungumzo yanaelekea wapi. Kisha kuandika kila kauli yenye namba, siku, mahali au sharti, pamoja na dakika yake na jina la msemaji, kwa maneno yake. Halafu, kwa kila jambo, kuanza na kauli ya mwisho na kurudi nyuma mpaka kufikia pale upande wa pili ulipokubali. Ukianza mwanzo unakusanya bei zilizokwisha kufa: elfu tatu, 38, 30.

Sehemu ya katikati ya ukurasa ilisomeka hivi:

> Bei. Shilingi 34 (thelathini na nne) kwa kilo, ikiwa hakuna chati wala viazi vya kijani (dakika ya 5 na ya 9). Zikipatikana: hawakukubaliana nini kifanyike. Mkulima alisema chati haziwezi kukosa kabisa. Mnunuzi alisema "tutaangalia".
>
> Kiasi. Gunia 60. Uzito wa gunia haukutajwa. Mnunuzi alitaja jumla ya shilingi 102,000, sawa na gunia la kilo 50. Bei ya kwanza ya mkulima ni sawa na gunia la karibu kilo 80. Kanta haibebi zaidi ya tani 3.5. Je, ni kilo ngapi kwa jumla?
>
> Kupima na kulipa. Mkulima alitaka mizani iletwe shambani (dakika ya 9). Mnunuzi alisema atapima Nairobi ndipo alipe (dakika ya 12). Hawajakubaliana. Je, mzigo unapimwa wapi, na malipo yanafuata mizani ipi?

Maswali hayazidi manne. Yakiwa kumi, mtu hujibu la kwanza na kuweka simu mfukoni.

Kuna sababu nyingine ya kutojaza mapengo kwa kubuni. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Kenya, Sura ya 31, inasema mkataba wa bidhaa za shilingi 200 au zaidi hauwezi kudaiwa mahakamani isipokuwa mnunuzi amepokea sehemu ya bidhaa, ametoa arbuni au malipo ya sehemu, au kuna maandishi ya makubaliano yaliyotiwa sahihi na anayedaiwa. Kwenye simu hii hakuna pesa iliyotumwa wala kiazi kilichopokewa. Ukurasa wa muhtasari, ukitiwa sahihi, unaweza kuwa ndio maandishi hayo. Kilo 50 ambazo mwandishi aliziweka kwa nia njema zinageuka kuwa kilo 50 alizotia sahihi mkulima.

Ukurasa ulikwenda kwa wote wawili kwa wakati mmoja, maneno yaleyale. Kwa mkulima ulisomwa pia kwa sauti, polepole, kwa sababu macho yake hayapendi maandishi madogo ya simu. Usomaji ulipofika kwenye kilo, mkulima alisema, "Gunia ya hamsini? Hiyo ni nusu gunia, mwanangu."

Wakapigiana tena, dakika tatu. Jumla ikawa kilo 3,300 badala ya idadi ya gunia, Jumamosi ya pili, mizani ya mnunuzi ikipanda na Kanta na mzigo kupimwa shambani, kilo moja ikitolewa kwa kila 50 kwa ajili ya udongo. Chati zinatengwa palepale na kubaki kwa mkulima. Kuhusu kijani hawakufika popote, na toleo la pili la ukurasa linasema hivyo. Toleo la kwanza halikufutwa. Limewekwa nyuma yake, likiwa na tarehe yake, ili atakayeuliza gunia 60 zilikwenda wapi aone zilibadilishwa lini na nani alikubali.